Shangazi alisubiri laki nne na themanini, ikaingia laki mbili na kumi na tano: jinsi ya kupiga hesabu ya riba baada ya kodi

Mbukwenyi jamani. Mwezi wa tatu shangazi yangu wa Mpunguzi alinipigia simu saa moja asubuhi, hata shikamoo yangu hakuimalizia kuipokea, "marahaba baba, hawa watu wa benki wameninyonya, njoo". Nikapanda bodaboda nikaenda. Kisa chenyewe ni kwamba mwezi wa tisa aliuza zabibu, akachanganya na hela ya alizeti aliyokuwa ameiweka ndani, akapata milioni sita kamili, akaiweka benki kwenye fiksi ya miezi sita, yaani hela inafungiwa humo mpaka muda uishe ndo ulipwe riba. Yule dada wa kaunta alimwambia asilimia nane. Yeye akapiga hesabu yake kichwani, nane mara sita arobaini na nane, kwa hiyo laki nne na themanini. Siku ya siku meseji ikaingia: riba 215,408. Basi hapo ndo kilio kilipoanza.

Hakuna aliyemnyonya, benki ililipa sawasawa. Ila kuna mambo mawili alikuwa hajaambiwa, au aliambiwa haraka haraka kama wanavyosemaga pale kaunta, na moja kati ya hayo ni kodi ya zuio. Naandika hapa nilivyomuelekeza siku ile, hatua kwa hatua, maana nimeshaulizwa hilihili na watu wanne tangu hapo, mmoja ni mwalimu kabisa. Chukua kalkuleta ya simu inatosha.

Hatua ya kwanza: jua riba yako ni kiasi gani kabla haijaguswa

Asilimia unayotajiwa benki ni ya mwaka mzima, hata kama fiksi yenyewe ni ya miezi mitatu. Hapo ndo nusu ya kilio cha shangazi ilipokuwa na wala haihusiani na kodi. Miezi sita ni nusu mwaka kwa hiyo nane yake inakuwa kama nne hivi. Benki haihesabu miezi, inahesabu siku, na fiksi ya shangazi kwenye cheti iliandikwa siku 182. Hesabu inaenda hivi, kiasi mara asilimia mara siku gawanya kwa 365, na kama una Eksel unaandika tu:

```
=6000000*0.08*182/365
```

Inakuja 239,342. Hiyo ndo riba ghafi, yaani riba kabla serikali haijachukua chake. Angalia tarehe kwenye cheti chako siyo tarehe uliyopeleka hela, maana unaweza kupeleka hela Ijumaa jioni fiksi ikaja kuanza Jumatatu, siku tatu zimekatika hapo na hakuna wa kukulipia.

Hatua ya pili: toa kumi ya riba, siyo kumi ya hela yako

Hapa ndo penye kelele nyingi mtaani. Tanzania benki ikikulipa riba, sheria ya kodi ya mapato ya 2004 inaitaka ikate asilimia 10 ya hiyo riba palepale kabla haijaingia kwenye akaunti yako, halafu ipeleke TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. Ndo maana inaitwa kodi ya zuio, inazuiliwa kwa mlipaji, wewe huendi kokote kupanga foleni. Kumi hiyo ni ya riba peke yake. Mtaji hauguswi. Nimeshasikia mzee mmoja pale Sabasaba anawaambia wenzie wasiweke hela fiksi kwa sababu "riba nane kodi kumi, si unatoka na hasara ya mbili", na watu wanaitikia kwa kichwa kabisa. Hapana. Ni kumi ya ile nane. Nane ukitoa kumi yake unabaki na 7.2, hiyo ndo asilimia yako ya kweli.

Kwa shangazi: 239,342, kumi yake ni 23,934, kinachobaki 215,408. Ndiyo ileile ya kwenye meseji mpaka shilingi ya mwisho. Nilipomuonyesha alikaa kimya kidogo akasema "sasa si wangesema saba nukta mbili toka mwanzo". Na hapo yuko sahihi, maana tangazo la ukutani, kipeperushi, na mdomo wa afisa, vyote karibu siku zote vinataja asilimia ya kabla ya kodi. Kwa hiyo ukitajiwa asilimia yoyote zidisha na 0.9 kichwani kabla hujafurahi. Sita inakuwa 5.4, tisa inakuwa 8.1, kumi inakuwa tisa. Na kama afisa anasema "hiyo ni neti" muombe aandike kwenye karatasi, usipokee kwa mdomo.

Kuna swali ambalo shangazi aliuliza na ni la maana sana: mimi ni mkulima, mapato yangu ni madogo, mbona mfanyakazi wa mshahara chini ya 270,000 kwa mwezi hakatwi kodi ila mimi riba yangu inakatwa? Jibu ni kwamba kile kiwango cha kuanzia hakipo kwenye riba. Riba hata ikiwa ya shilingi elfu moja inakatwa mia. Na kwa mtu binafsi ambaye hela yake si ya biashara hii kodi ni ya mwisho, maana yake mambo mawili kwa pamoja: hudaiwi tena kitu kingine juu ya riba hiyo, lakini pia huwezi kwenda kuidai irudi hata kama mwaka mzima hukupata kitu kingine. Imeenda imeenda.

Hatua ya tatu: kagua stetimenti kwa kugawanya kwa tisa

Meseji ya simu kwa kawaida inaleta kile kilichoingia tu ndo maana watu wanachanganyikiwa. Omba stetimenti au fungua apu ya benki uangalie miamala ya siku ile fiksi ilipoiva. Benki nyingine wanaweka mistari miwili, mmoja riba yote inaingia, wa chini yake kodi inatoka, na huo wa chini utaona umeandikwa WHT au Withholding Tax. Nyingine wanaingiza kilichobaki tu, mstari mmoja, kodi huioni.

Kama ni mstari mmoja kuna ujanja mwepesi: chukua kilichoingia gawanya kwa tisa, unapata kodi iliyokatwa. Kwa sababu ulipokea sehemu tisa kati ya kumi, ile ya kumi iliyoondoka ni sawa na moja ya tisa ya ulichopokea. 215,408 gawanya kwa 9 ni 23,934. Imekaa. Halafu ukitaka kujua asilimia waliyotumia kweli, rudi nyuma: jumlisha viwili unapata 239,342, zidisha 365, gawanya 182, gawanya milioni sita, inakuja 0.08, yaani nane ileile waliyoahidi. Ikija 0.075 au 0.07 basi tatizo si kodi, tatizo ni asilimia au siku, na hapo ndo unaenda kaunta na cheti chako mkononi kuuliza kwa upole. Tofauti ya shilingi moja mbili achana nayo ni kukata namba tu.

Mimi mwenyewe iliwahi kunikuta, siyo kwenye kodi ila kwenye asilimia. Fiksi yangu ilijirudia yenyewe bila mimi kujua, kwa asilimia ya chini kuliko ya mwanzo, nikakaa miezi mitatu naamini bado nala ileile. Nikailaumu kodi bure. Kurudi nyuma kwa kalkuleta ndo kulinionyesha.

Hatua ya nne: akaunti ya kawaida yenye makato ya mwezi, hapa ndo kodi inauma

Kwenye fiksi kodi inakula kumi basi yameisha. Kwenye akaunti ya akiba ya kawaida, ile unayoweka na kutoa, hadithi ni nyingine na watu wengi hawajawahi kuipiga hesabu. Sababu ni kwamba kodi inakatwa kwenye riba yote kabla ya makato ya benki. TRA haijali kwamba benki nayo ilikukata hela ya kuendesha akaunti. Unakatwa kodi kwa faida ambayo hujabaki nayo.

Tuchukue mfano, namba ni za kwangu za kufundishia tu, wewe weka za akaunti yako. Jirani yangu wa Nkuhungu anauza vitenge Majengo, ana 1,050,000 kwenye akaunti ya akiba inayolipa asilimia 3 kwa mwaka, na makato ya kila mwezi ni 2,500. Riba ya mwezi: 1,050,000 mara 0.03 gawanya 12, ni 2,625. Bila kodi angetoa makato 2,500 akabaki na 125, ndogo lakini ni faida. Sasa weka kodi. Kumi ya 2,625 ni kama 262, inabaki 2,363, toa makato 2,500, yuko chini kwa 137. Kila mwezi. Hela yake inapungua taratibu kama ndoo yenye tundu la sindano, na huku kwenye stetimenti anaona kabisa neno riba linaingia kila mwezi anafurahi.

Ukitaka kujua wewe uko upande gani tafuta kiwango ambacho riba baada ya kodi inalingana na makato. Chukua makato ya mwaka mzima, kwa mfano huu ni 2,500 mara 12 sawa na 30,000, gawanya kwa asilimia yako baada ya kodi. Tatu mara 0.9 ni 2.7, kwa hiyo 30,000 gawanya 0.027, inakuja 1,111,111. Chini ya hapo unailipa benki ikutunzie hela, juu ya hapo ndo unaanza kupata. Kama kodi isingekuwepo mstari ungekuwa kwenye milioni moja kamili, kwa hiyo kodi imeusogeza juu kwa laki moja na ushee, na jirani yangu alikuwa amesimama katikati ya hiyo mistari miwili bila kujua.

Na akiwa na 1,200,000 je? Riba 3,000, kodi 300, inabaki 2,700, makato 2,500, anabaki na 200 kwa mwezi, 2,400 kwa mwaka. Hiyo ni asilimia 0.2. Tangazo lilisema tatu. Nilimshauri atafute akaunti isiyo na makato ya mwezi, zipo, hata kama riba yake ni ndogo zaidi. Asilimia 2 bila makato inakuwa 1.8 baada ya kodi, na kwa hela yake ya 1,050,000 hiyo ni 18,900 kwa mwaka, wakati hii ya tatu inamtia hasara.

Jambo jingine la haraka kwenye akaunti hizi: uliza riba inahesabiwa kwa salio la kila siku au kwa salio la chini kabisa la mwezi. Kama ni la chini kabisa, ukitoa laki tano siku moja tu kulipia mzigo ukairudisha kesho yake, mwezi mzima unahesabiwa kama vile hukuwa nayo.

Hatua ya tano: linganisha na bei za vitu

Kodi haiangalii mfumuko wa bei, inakata riba yote kama ilivyo. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, NBS, walitoa wastani wa mfumuko wa bei wa 2024 kuwa asilimia 3.1. Kwa kiwango hicho shangazi na 7.2 yake anabaki na kama nne hivi ya kweli juu ya bei za sokoni, siyo mbaya. Lakini mwenye asilimia tatu anabaki na 2.7 baada ya kodi, ambayo iko chini ya 3.1, kwa hiyo hata asipokatwa makato yoyote gunia la mahindi la Kibaigwa linamkimbia polepole. Bila kodi angekuwa karibu sare.

Hatua ya sita: ukipewa ofa mbili, zilete kwenye kipimo kimoja

Shangazi baada ya kutulia akaniambia mwanae wa Area C amemwambia aachane na fiksi anunue hatifungani ya serikali, yaani aikopeshe serikali hela nayo imlipe riba. Hapa lazima uangalie kodi kabla hujalinganisha, maana hazikatwi sawa. Riba ya fiksi inakatwa kumi. Dhamana za serikali za muda mfupi, zile za chini ya mwaka, nazo zinakatwa kumi. Lakini hatifungani za muda mrefu za serikali, kuanzia za miaka mitano mpaka zile za miaka ishirini na mitano, riba yake hailipiwi hiyo kodi, unaipata yote kila baada ya miezi sita. Kwa hiyo hatifungani ya asilimia 10 ni 10 mkononi, na fiksi ya asilimia 11 ni 9.9 mkononi. Ukiangalia namba za matangazo fiksi inaonekana imeshinda, kumbe imeshindwa.

Njia rahisi ni kugawanya asilimia ya hatifungani kwa 0.9 unapata fiksi inayolingana nayo. Kumi gawanya 0.9 ni 11.1, basi fiksi yoyote chini ya 11.1 imeachwa. Ila usisahau kwamba hatifungani ya miaka mitano ni miaka mitano, ukitaka hela kabla unabidi uiuze sokoni kwa bei utakayoikuta siku hiyo na inaweza kuwa chini ya uliyonunulia. Shangazi anahitaji hela ya pembejeo na vibarua kila msimu, kwa hiyo nilimwambia hapana, labda sehemu tu, na aliona sawa.

Kuvunja fiksi kabla ya muda nako kuna hesabu yake. Benki nyingi wanakupa riba ndogo kuliko mliyokubaliana au hawakupi kabisa. Kodi inafuata kile kilicholipwa, kama hujalipwa riba hukatwi kitu.

Tahadhari kwa wenye kampuni

Hii haimhusu shangazi ila rafiki yangu fundi wa aluminiamu wa Ipagala ilimkuta hivyo naiweka. Yeye ana kampuni iliyosajiliwa, akaweka akiba kwa jina la kampuni, ikalipa riba 500,000, benki ikakata 50,000, akadhani yameisha kama yanavyoisha kwa mtu binafsi. Kwa kampuni hayaishi. Riba yote ile 500,000 inaingia kwenye mapato ya kampuni, na kampuni ikiwa na faida inalipa kodi ya asilimia 30, hapo ni 150,000. Ile 50,000 iliyokatwa inahesabiwa kama umeshalipa sehemu, unaongeza 100,000, unabaki na 350,000. Kwa hiyo asilimia nane ya kampuni ni 5.6, si 7.2. Na ili ile 50,000 ikubaliwe lazima uwe na cheti cha kodi ya zuio kutoka benki, uombe mapema usisubiri mhasibu akuulize siku ya kufunga hesabu. Mwenye duka asiye na kampuni naye awe makini, riba ya hela ya biashara haiwi ya mwisho kama ya akiba yako binafsi, hivyo usichanganye hizo hela kwenye akaunti moja.

Hatua ya saba: siku fiksi inapoiva usikae kimya

Ukikaa kimya mara nyingi inajirudia yenyewe, na kinachoingia raundi ya pili ni mtaji na riba iliyobaki baada ya kodi, siyo riba ghafi. Ukirudisha yote kwa nane kila miezi sita, milioni sita inakuwa kama 6,215,000, halafu raundi ya pili inafika kama 6,438,000 na ushee. Hiyo ni karibu asilimia 7.3 kwa mwaka, kidogo juu ya 7.2 kwa sababu riba nayo imezaa. Tatizo ni asilimia ya raundi ya pili, wanakuwekea ya siku hiyo, inaweza kuwa imeshuka. Nenda wiki moja kabla ukaongee.

Tulienda na shangazi siku ileile, na khanga yake mpya kabisa. Nikamwambia asitaje kodi wala kulalamika, aulize tu kwa milioni sita mnaweza kuongeza ngapi. Afisa akaenda kuongea na meneja akarudi na nane na nusu. Shangazi akanigeukia palepale, "nusu yote yangu?" Nikamwambia siyo nusu yote, nusu inakatwa kumi nayo, inabaki 0.45. Tukapiga kwenye simu yangu: 6,000,000 mara 0.085 mara 182 gawanya 365 ni 254,301, kodi 25,430, mkononi 228,871. Zaidi ya mara ya kwanza kwa 13,463. Ile 215,408 akaitoa akanunue mbolea, milioni sita ikarudi ndani, na nyuma ya cheti akaandika kwa penseli "228,871" na tarehe ya mwezi wa tisa, akakikunja akakiweka kwenye pochi.